Fundi Saa Alitolewa Bandama

Nina kanuni moja ya kazi, na nimeihubiri mpaka watu wameichoka: usiliamini neno mpaka mashahidi watatu wamelikubali. Tovuti moja itakudanganya, ya pili itakosea, lakini tatu zikisema jambo moja, andika, gonga muhuri, mpe mteja karatasi yake aende zake. Kwa kanuni hiyo nimetafsiri vyeti vya kuzaliwa, talaka, barua za shule na wosia wa watu ambao sasa wako kaburini na hawajarudi kulalamika.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, nilimfundisha kanuni hiyo mwenyewe. Wanaishi ng'ambo, mwaka wa tatu sasa, na alipokuwa anaondoka alikuwa na hofu ya Kiingereza zaidi ya hofu ya baridi. Nikamwambia, usijali wifi, simu unayo, tovuti ni hizi, na ukiona neno gumu tafuta mashahidi watatu. Akaandika kwenye daftari. Wifi ni mtu wa kushika anachoambiwa.

Siku ile, saa mbili asubuhi, aliandika kwenye kundi letu la familia kwamba mumewe ameamka na homa kali, anatetemeka, meno yanagongana, na wako hospitali kwenye chumba cha dharura. Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa sababu ndiye kitinda mimba wa mama, na jina hilo limemkaa hata alipoota ndevu. Ni fundi cherehani. Mikono yake inaweza kuhesabu nyuzi za kitambaa gizani.

Wifi akauliza: "Mama, daktari anauliza kovu la tumboni ni la nini. Mwenyewe anaropoka tu, haeleweki."

Mama akajibu kwa sauti, kama kawaida yake, maana kuandika kunamchosha: "Mwambie alitolewa bandama akiwa na miaka tisa."

Zikapita dakika kumi. Wifi akatuma picha tatu za kioo cha simu, na chini yake akaandika: "Nilikuwa silijui hilo neno. Nimetafuta tovuti tatu, zote zinasema gallbladder. Nimemwonyesha nesi, ameandika. Wanasema ni homa ya msimu, wamempa dawa ya kushusha homa, tusubiri."

Mimi nilikuwa na mteja mbele yangu. Niliisoma kwa jicho moja. Picha sikuzifungua. Nikaandika, "Safi sana wifi, hiyo ndiyo kazi," nikaendelea kugonga mihuri. Maneno hayo bado yako kwenye simu yangu. Sijayafuta.

Saa nne mama akaingia ofisini. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja ninachogawana na Mzee wa Kopi, ambaye ana mashine mbili za kutoa kopi na maneno ya kutosha mashine kumi. Mama hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alisimama katikati ya chumba, mkoba kifuani.

"Nimeshindwa kukaa nyumbani," akasema. "Kuna jipya?"

"Wanasubiri, mama. Wamempa dawa ya homa. Ni homa ya msimu tu."

"Wanasubiri nini?"

"Ishuke."

Mama akanitazama kama mtu aliyeuziwa mchele wenye mawe. "Hawajamtundikia dripu? Yule daktari wa zamani alinishika mkono kabisa. Akaniambia, mama, huyu mtoto tangu leo akishikwa na homa usiipe hata saa moja, usimpe kidonge ukalala. Mkimbize, wamchome sindano kali. Nimemlea hivyo mpaka ameoa. Homa ya Kitinda sijawahi kuisubiri."

Mzee wa Kopi akasema, "Kaa mama, watoto wa siku hizi ng'ambo wana madaktari wazuri."

Maneno hayo ya mama hayakuoana na lile neno la wifi. Gallbladder ni kifuko cha nyongo, na hicho nakijua. Nimetafsiri ripoti za watu waliotolewa kifuko cha nyongo, na wote walirudi nyumbani wakaambiwa wapunguze mafuta, basi. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa akimbizwe kwa homa maisha yake yote.

Nikazifungua picha za wifi.

Tovuti ya kwanza, yenye rangi ya kijani: bandama, gallbladder. Chini yake mfano wa sentensi: *Fundi saa alitolewa bandama kwa sababu ya vijiwe.*

Tovuti ya pili, ya bluu: bandama, gallbladder. *Fundi saa alitolewa bandama kwa sababu ya vijiwe.*

Ya tatu nayo, pamoja na matangazo yake ya viatu: fundi saa, bandama, vijiwe.

Yule fundi saa namjua. Alikuwa anakaa mkabala na dirisha la nyumba niliyopanga na mama miaka kumi na moja iliyopita, mwaka ule nilipomaliza chuo nikakosa kazi. Nilipata kibarua cha kuandika maneno kwa ajili ya kamusi moja ya mtandaoni. Maneno mia tatu kwa siku, kila neno na maana yake ya Kiingereza na sentensi moja ya mfano. Ukiwa na shaka unaweka alama ya kuuliza, lakini msimamizi akiona alama nyingi anakurudishia kazi yote, na ukirudishiwa mara tatu hupewa tena. Basi nikaacha kuweka alama. Na sentensi zangu zote zilikuwa za fundi saa, kwa sababu ndiye niliyemwona nikiinua macho. Fundi saa hapendi bizari. Fundi saa amenunua bawaba. Fundi saa alitolewa bandama.

Bandama nililijua ni kitu cha tumboni, kwamba watu hutolewa. Zamani, mwaka mdogo wangu alipofanyiwa operesheni, mjomba naye alitolewa vijiwe vya nyongo, na kwenye kichwa changu cha mtoto wa shule wagonjwa wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja. Nikaandika gallbladder. Nikaenda kwenye neno linalofuata. Mama alikuwa chumba cha pili akikunja nguo. Ningemuuliza kwa kupaza sauti tu, bila hata kusimama.

Sasa nikaona nilichokuwa nakiita mashahidi. Ile kamusi ilichukuliwa na tovuti nyingine, hiyo nayo ikanakiliwa na ya tatu, makosa kwa mifano, hata nukta hazikubadilishwa. Shahidi mmoja alikuwa amevaa kofia tatu. Na shahidi mwenyewe alikuwa mimi.

Hata hivyo mazoea ni mabaya. Nilijaribu kuligeuza: nikaandika gallbladder kwenye ile tovuti ya kijani nione inarudisha nini. Ikarudisha bandama. Nikajichukia kwa kupoteza nusu dakika, maana nalijua hilo vizuri. Orodha ni ileile, wameigeuza kichwa chini miguu juu. Nikajaribu na ule mtambo wa kutafsiri sentensi nzima, ule unaojibu haraka kama mwanafunzi asiyesoma. Ukanipa jibu lilelile, kwa Kiingereza kizuri kabisa. Kwa salamu na habari za bei ya nyanya mtambo ule hauna tatizo. Neno linaloonekana mara chache unalichukua popote ulipolikuta, na mahali ulipolikuta hili ni kwangu.

"Mzee," nikasema, "ile kamusi iko wapi?"

"Kamusi gani?"

"Nene. Ya Kiswahili kwa Kiswahili."

Mzee wa Kopi akaangalia chini. Kamusi ilikuwa chini ya mguu wa meza ya mashine yake kubwa. Niliiweka pale mwenyewe, meza ilipokuwa inayumba, nikasema kwa majigambo kwamba siku hizi vitabu vya namna hii kazi yake ni hiyo. Nikaichomoa. Meza ikainama, karatasi zikamwagika sakafuni, na Mzee wa Kopi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema neno.

Kamusi ile iliandikwa na watu waliokaa mezani wakabishana, kila mmoja na jina lake ukurasa wa mbele. Bandama: kiungo kilicho upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, wengu. Nikatafuta wengu mtandaoni, safari hii si kwenye kamusi, nikaenda kwenye kurasa za wahudumu wa afya, zile wanazoandikia wazazi wenye watoto wa seli mundu. Bandama imevimba. Bandama kwa malaria ya muda mrefu. Bandama ikitolewa, kinga hupungua, homa yoyote ni hatari. Vijiwe havikutajwa hata mara moja. Ukurasa mmoja ulikuwa na Kiingereza chake pembeni, na neno lilikuwa spleen.

Hao walikuwa mashahidi wasiofahamiana. Nilipowapata ilikuwa saa tano na robo.

Nilimpigia wifi. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: WIFI NENO SI HILO, NI SPLEEN, MWAMBIE DAKTARI SASA HIVI. Alama moja tu ya kijivu; ujumbe haukufika. Nikapiga mara ya saba. Simu ikawa haipatikani kabisa.

"Kuna nini?" mama akauliza. "Mbona unapiga simu namna hiyo?"

"Wameandikiwa kiungo kingine, mama. Hawajui kama hana bandama."

Mama hakulia. Alikaa chini, sakafuni, juu ya karatasi za Mzee wa Kopi, miguu ikiwa imenyooka mbele kama ya mtoto. Afadhali angelia.

Namba ya hospitali niliitafuta mtandaoni. Sauti ya kurekodiwa ikanipa uchaguzi wa kubonyeza moja, mbili, mpaka tisa. Nikabonyeza, ikakatika. Nikapiga upya. Safari ya nne akapokea mtu, nikamtajia jina la mdogo wangu kwa Kiingereza changu, hiki kinachonilisha.

"Hatuwezi kuzungumzia habari za mgonjwa kwa simu," yule mwanamke wa mapokezi akasema.

"Usinizungumzie chochote. Mimi ndiye nitakayezungumza, wewe andika tu. Mgonjwa yuko dharura, ana homa, hana spleen. Hana. Alitolewa."

Akaenda. Akarudi baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka. "Nimemuuliza nesi. Faili linasema alitolewa gallbladder. Mkewe ndiye aliyesema, na alionyesha tovuti tatu."

"Hizo tatu ni mtu mmoja."

"Samahani?"

"Hizo tovuti zimenakiliana. Aliyeandika neno hilo ni mimi, miaka kumi na moja iliyopita, nilibahatisha. Tafadhali."

Nilijua anachofikiri: kila siku dharura hupigiwa simu na wendawazimu, na leo kapata wa kwake. Nikasema nipe nesi. Akasema nesi ana wagonjwa. Nikasema nakuomba kama unavyoweza kuombwa na mtu, nipe nesi, halafu usinipokee tena maisha yako yote.

Alipokuja nesi, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Nina dakika moja," akasema. "Kwa nini niamini simu yako kuliko mkewe aliyemleta?"

Nikatafuta cha kumjibu. Kamusi nene angeionaje? Kurasa za Kiswahili angezisomaje? Nilikuwa na mashahidi wazuri na hakuna aliyeweza kwenda mahakamani. Nikamgeukia mama pale chini.

"Mama, walimtoa kwa sababu gani?"

"Si alianguka. Alipanda ukuta wa shule akaanguka juu ya tofali, ubavu huu wa kushoto." Akajishika. "Akavimba tumbo, akawa mweupe midomo. Damu ilikuwa inavuja ndani kwa ndani. Waliniambia bandama imepasuka. Wakamwongeza chupa mbili za damu."

Nikamtafsiria nesi, neno kwa neno, bila kupamba. Ukuta, tofali, ubavu wa kushoto, damu ndani, chupa mbili.

"Alianguka?" nesi akasema. Sauti ilikuwa nyingine. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Hakuna mtoto anayetolewa gallbladder kwa kuanguka," akasema, akizungumza na mtu mwingine si mimi, na nikasikia simu imewekwa juu ya kitu kigumu. Halafu nyayo zikienda mbio, halafu kengele. Hakurudi. Nilikaa na ile simu sikioni mpaka salio likaisha.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika chache. Tangu wifi alipoonyesha zile picha zilikuwa zimepita karibu saa nne.

Mzee wa Kopi alifunga mlango, akageuza kibao. Alileta maji kwenye kikombe, mama hakuyanywa, mimi sikuyanywa, mwishowe akayanywa mwenyewe. Hakuna aliyewasha taa. Nje watu walikuja, wakatikisa kitasa, wakaenda.

Saa nane wifi akapiga kwa simu ya mtu. Yake iliisha chaji akiwa anatupigia sisi huku sisi tunampigia yeye. Alisema mumewe amebadilika rangi, vidole vimekuwa vyeusi, wamemchoma sindano mbili kwa mpigo wakamkimbiza chumba cha mashine. Alisema daktari alimuuliza kwa nini hakusema mapema. "Wifi, nilifuata kanuni," akasema. "Nilihesabu kabisa. Zilikuwa tatu." Nikamwambia hakukosea kitu. Akaendelea kunieleza jinsi alivyohesabu.

Siku nne mdogo wangu alikaa kwenye mashine. Katika siku hizo nilifanya jambo moja nililoliweza: nikafungua ile kamusi ya kwanza, mama wa zote, nikabonyeza sehemu ya kupendekeza sahihisho. Nikaandika: bandama, spleen, futeni sentensi ya fundi saa. Chini kulikuwa na nafasi ya chanzo. Nikaandika jina la ile kamusi nene. Jibu lilikuja kesho yake: pendekezo limekataliwa, kwa kuwa linapingana na vyanzo vingine vitatu vya mtandaoni. Nikalisoma mara mbili. Ilikuwa kanuni yangu, imenirudia.

Siku ya tano Kitinda akafumbua macho. Siku ya nane walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia na viwili vya kushoto. Nesi alimwambia wifi kwamba amepona, na kwamba saa moja zaidi wasingekuwa wanazungumza habari ya vidole. Alisema pia kwamba dawa ingeingia asubuhi ile, huenda kisingekatwa hata kimoja.

Wifi alituma picha. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu, mikono imefungwa bandeji nyeupe kama mtu aliyevaa soksi mikononi. Mama aliiangalia muda mrefu, akaikuza kwa vidole vyake kumi vizima.

"Atashikaje sindano?" akauliza.

"Na huyo mtu," mama akasema, "aliyeliandika lile neno. Mtu gani huyo anaandika kitu asichokijua, anaondoka tu? Hana mama wa kumuuliza?"

Tulikuwa ofisini, jioni, Mzee wa Kopi anafagia. Ningeweza kunyamaza. Mama Kiingereza hajui. Kilio changu kwa yule mwanamke wa mapokezi alikisikia kama kelele tu. Wifi hajui. Nesi bila shaka alishasahau.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ulikuwa chumba cha pili, unakunja nguo."

Mzee wa Kopi aliacha kufagia. Mama hakunipiga, hakunilaani. Aliweka simu mezani kifudifudi, taratibu, na akakaa akiangalia mikono yangu, si uso wangu. Nilitaka aseme neno lolote, hata lile ambalo mzazi akilitamka halirudi.

"Umeshalirekebisha?" akauliza mwishowe.

"Wamekataa. Wanasema vyanzo vitatu vinanipinga."

"Waandikie tena."

"Mama, watakataa tena. Zile tatu..."

"Waandikie nikiwa hapa nakuona."

Nikafungua ukurasa. Nikaandika neno, nikaandika maana. Nilipofika kwenye nafasi ya chanzo, sikuitaja tena ile kamusi nene. Niliandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: Neno hili niliandika mimi, sikulijua, nilibahatisha, na wengine wote wamenakili kwangu. Mdogo wangu amekatwa vidole vitano.

Nikamsomea mama. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umeweka jina lako?"

"Enzi zile nilitumia jina la utani."

"Weka jina lako," mama akasema. "Lote, na la baba yako. Wasije wakadhani ni mtu wa kupita."

Nikaliandika lote.